Tovuti imehamia seva mpya, mbona wengine bado wanaiona ya zamani?

Ukihamisha tovuti na wateja wakaanza kulalamika, jibu utakalopewa na karibu kila mtu ni moja: subiri saa 24 hadi 48, DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, bado inasambaa. Jibu hili silipendi, kwa sababu linamfanya mtu akae bila kuangalia chochote, ilhali karibu kila kitu anachohitaji kujua kinaweza kuonekana kwa amri moja. Halafu lenyewe si kweli. Katika DNS hakuna kinachosambaa. Hakuna seva inayozunguka duniani ikiwatangazia wengine kwamba anwani imebadilika. Kilichopo ni nakala za jibu la zamani zilizokwisha kuchukuliwa, na kila nakala inajihesabia muda wake mpaka uishe.

Mtu akiwa Likoni akaandika jina la tovuti kwenye simu, simu haijui tovuti iko wapi. Inaiuliza risolva, yaani seva ya kutafutia majina, ambayo mara nyingi ni ya kampuni ya laini yake, au ni ya umma kama `1.1.1.1` na `8.8.8.8`. Risolva ikiwa haina jibu, inaanzia juu: inauliza seva za mzizi, ikaelekezwa kwa seva za `.ke` au `.com`, kisha ikaelekezwa kwa seva za majina za domeni yenyewe. Hizi za mwisho ndizo zenye kauli. Zinatoa anwani ya IP, na pamoja nayo idadi ya sekunde iitwayo TTL. Risolva inampa mteja jibu na inabaki na nakala kwenye kashe. Mwingine akiuliza jina hilo hilo, anapewa nakala hiyo, na hakuna anayekwenda kuuliza upya mpaka sekunde ziishe.

Paul Mockapetris alipoubuni mfumo huu mwaka 1983, na ulipoandikwa upya katika hati za kanuni za intaneti, RFC 1034 na 1035, mwaka 1987, kuweka nakala kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Bila nakala hizo, kila ukurasa unaofunguliwa ungelazimika kupanda ngazi zote hizo tena. Kwa hiyo risolva inayomwonyesha mteja wako seva ya zamani haijaharibika. Inafanya ulichoiambia ifanye, kwa muda ulioutaja wewe mwenyewe kwenye rekodi.

Nina kisa cha duka la viungo hapa Mombasa, karibu na Marikiti, ambacho kinaonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu. Jina la domeni nimelibadilisha liwe `duka.example`, na anwani zote nimeweka zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano. Saa na sekunde nimeziacha kama zilivyokuwa.

Mwenye duka ni mama mmoja anayeuza iliki, mdalasini na pilipili manga kwa rejareja, na wateja wake wengi huagiza kwa tovuti. Fundi mwingine ndiye aliyehamisha tovuti kwenda kwa kampuni nyingine na kubadilisha rekodi ya A, ile inayobeba anwani ya tovuti, saa nne kamili asubuhi, kutoka `192.0.2.10` kwenda `198.51.100.25`. Bei mpya za iliki zilikuwa kwenye seva mpya peke yake. Saa tano na kitu mama akanipigia.

“Mwanangu, mimi hapa dukani naona bei mpya. Mteja wa Bamburi aniletea picha, bei ya zamani. Wa Nyali aona mpya. Sasa nimjibu nani?”

“Mama, usimrudishie mtu pesa kwanza. Nipe nafasi niangalie.”

Kabla ya kumgusa mteja yeyote, huwa naanza kwa wenye kauli. Unatafuta kwanza seva za majina za domeni ni zipi, halafu unaiuliza mojawapo moja kwa moja, bila kupitia kashe ya mtu:

```
dig +short NS duka.example
dig +noall +answer duka.example A @ns1.mwenyeji.example
```

Jibu lilikuwa hili:

```
duka.example.   300   IN   A   198.51.100.25
```

Anwani mpya, na TTL ya sekunde 300, yaani dakika tano. Rudia amri hiyo mara nyingine na namba inabaki 300, haishuki. Hiyo ndiyo alama ya kwamba unazungumza na mwenye kauli, si nakala. Ukiondoa `+noall +answer` utaona pia herufi `aa` kwenye mstari wa `flags`, nazo zinathibitisha jambo hilo hilo. Basi nikajua chanzo kiko sawa.

Hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa. Kama TTL ni dakika tano na mabadiliko yalifanywa saa nne, imekuwaje saa tano na nusu kasoro bado mtu anaona ya zamani? Nikaiuliza risolva aliyokuwa akiitumia mteja wa Bamburi:

```
dig +noall +answer duka.example A @1.1.1.1
```

```
duka.example.   9214   IN   A   192.0.2.10
```

Namba hii, 9214, inasimulia habari nzima. Ni sekunde zilizobaki kabla nakala hiyo haijatupwa, na ni nyingi kuliko 300. Kwa hiyo nakala hii ilichukuliwa wakati TTL ilikuwa kubwa zaidi. Nilipomuuliza fundi aliyehamisha, akanithibitishia kwamba zamani ilikuwa 14400, yaani saa nne, na kwamba aliipunguza hadi 300 wakati ule ule alipobadilisha anwani.

Sasa piga hesabu. Ukitoa 9214 kwenye 14400 unabaki na 5186, sawa na saa moja, dakika 26 na sekunde 26. Nilikuwa nimeuliza saa tano na dakika 26. Kwa hiyo nakala hiyo ilichukuliwa karibu nusu dakika kabla ya saa nne, yaani muda mfupi tu kabla ya anwani kubadilishwa. Aliyefungua tovuti wakati huo aliifungia risolva ile jibu la zamani kwa saa nne zilizofuata. Na kwa hesabu hiyo hiyo nakala ingekufa nusu dakika kabla ya saa nane mchana, wala hakukuwa na haja ya kubahatisha.

TTL husafiri pamoja na jibu. Ukiipunguza kwa mwenye kauli leo, hujazigusa nakala zilizotoka jana, kwa sababu kila moja ina namba yake iliyoondoka nayo, kama pakiti ya maziwa iliyokwisha kugongwa tarehe kabla haijafika dukani. Anayetaka kuhama vizuri anaipunguza TTL mapema, anasubiri muda wa TTL ya zamani upite wote, ndipo anabadilisha anwani. Kwa rekodi ya 14400 hiyo ina maana ya saa nne kwa uchache, nami hupenda kuipunguza tangu siku iliyotangulia ili nisiwe na shaka. Ukizifanya hatua zote mbili kwa mkupuo mmoja, ile 300 haikusaidii chochote katika kuhama huku.

Tahadhari moja ukisoma namba hizi. Risolva kubwa za umma si mashine moja. Nyuma ya `8.8.8.8` kuna mashine nyingi zenye kashe tofauti, hivyo ukiuliza mara kadhaa unaweza kupata 9214, kisha 120 na anwani mpya, kisha 9190 na anwani ya zamani. Hilo ndilo linalomfanya mteja mmoja aone tovuti mpya, aonyeshe upya ukurasa, na arudi kwenye ya zamani. Uliza mara nyingi na uiandike namba kubwa kuliko zote iliyokuja na anwani ya zamani, maana hiyo ndiyo inayokwambia mwisho ni lini.

Nikampigia mama, nikamwambia wanaoona ya zamani hawatabaki hivyo zaidi ya saa nane mchana, na baada ya hapo yeyote anayebaki ana tatizo jingine. Huo ndio uzuri wa kuwa na saa badala ya “subiri”: ikipita, unajua kwa yakini kwamba sababu uliyoifikiria si yenyewe.

Na ikapita. Saa nane na nusu mama akaniambia laptopu ya dukani iko sawa, lakini simu yake mwenyewe inaonyesha bei za zamani. Nikamuuliza kama simu iko kwenye waifai ya duka. Akasema la, iko kwenye bando. Nikamwambia awashe waifai kwenye simu hiyo hiyo na afungue tena. Bei mpya. Azime waifai arudi kwenye bando. Bei ya zamani.

Simu ni moja na brauza ni ile ile, kilichobadilika ni mtandao tu. Watu wengi hapa wangemwambia afute historia ya brauza, au aandike `ipconfig /flushdns` kwenye kompyuta, na wangepoteza mchana mzima. Kufuta kashe ya kifaa kunafuta kashe ya kifaa hicho pekee. Kuna wakati kunasaidia, na kwa Chrome kuna ukurasa wa `chrome://net-internals/#dns` kwa kazi hiyo, lakini kifaa kinachobadilika tabia kwa kubadilisha mtandao hakikuambii kwamba kashe yake ni chafu. Kinakuambia kwamba mitandao miwili inakifikisha sehemu mbili.

Ili nisitegemee macho ya mtu na bei za iliki, niliweka faili ndogo kwenye kila seva, `alama.txt`. Kwenye mpya ndani yake mna neno `mpya`, kwenye ya zamani mna `zamani`. Kisha nikaiunganisha kompyuta yangu kwenye hotspoti ya simu, niwe kwenye aina ile ile ya mtandao kama mama, nikaandika:

```
curl -4 https://duka.example/alama.txt
curl -6 https://duka.example/alama.txt
```

Ya kwanza ikajibu `mpya`. Ya pili ikajibu `zamani`.

Jina moja linaweza kuwa na anwani za aina mbili. Rekodi ya A hubeba anwani ya IPv4, zile za namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Rekodi ya AAAA hubeba ya IPv6, ndefu, yenye nukta pacha. Hizi ni rekodi mbili mbali, na kubadilisha moja hakugusi nyingine. Fundi alibadilisha A. Nikaiuliza seva yenye kauli kuhusu AAAA:

```
dig +noall +answer duka.example AAAA @ns1.mwenyeji.example
```

```
duka.example.   14400   IN   AAAA   2001:db8:10::5
```

Ile 14400 ilinitosha kabla hata sijaisoma anwani. Mkono uliopunguza TTL ya A haukufika hapa, na anwani yenyewe ilikuwa ya seva ya zamani. Kampuni ya zamani iliiweka rekodi hiyo yenyewe ilipofungua akaunti, na kwenye paneli ya usimamizi ilikuwa chini kabisa ya orodha.

Kwa nini iliwapata watu wa bando pekee? Mtandao wa simu wa mama ulikuwa unatoa IPv6, waifai ya duka ilikuwa na IPv4 tu. Kifaa chenye njia zote mbili huuliza A na AAAA pamoja, na brauza za siku hizi huipa IPv6 nafasi ya kwanza. Utaratibu ulioandikwa katika RFC 8305 unapendekeza njia ya kwanza itangulie kwa milisekunde 250 kabla ya kujaribu ya pili. Seva ya zamani ilikuwa hai na ilijibu upesi, kwa hiyo IPv4 haikupata hata zamu. Kama ingekuwa imezimwa, simu ingeangukia kwenye IPv4 yenyewe na mama asingeona kitu zaidi ya kuchelewa kidogo. Ndiyo maana tatizo hili linajificha: linaonekana wakati seva ya zamani ni nzima.

Asubuhi, matatizo mawili yalikuwa yamelaliana. Wa Bamburi alikuwa na nakala ya A ambayo haijaisha. Mama alikuwa na AAAA ambayo isingeisha kamwe, kwa sababu kila nakala ikifa, mwenye kauli anatoa nyingine yenye makosa yale yale. Saa 48, au hata wiki, zisingeisaidia hiyo ya pili. Huwezi kuzitofautisha kwa kutazama skrini ya mteja, maana zote zinaonyesha bei ya zamani. Unazitofautisha kwa kuangalia jibu linatoka wapi, na kama namba yake inashuka.

Dawa ya AAAA ni moja kati ya mbili. Seva mpya ikiwa na IPv6 inayofanya kazi, unaandika anwani yake mpya. Ikiwa haina, unaifuta rekodi. Hii haikuwa nayo, nikamwelekeza fundi aifute. Lakini hapa pana bei nyingine ya kulipa: nakala za AAAA zilizotoka dakika moja kabla ya kufuta zina saa nne zao kamili. Risolva mbili za umma zina kurasa za kuomba jina lifutwe kwenye kashe zao, ya Google kwa `8.8.8.8` na ya Cloudflare kwa `1.1.1.1`, na nilizitumia zote mbili. Hazigusi risolva za kampuni za simu, na huko ndiko wateja wengi walikokuwa.

Kwa hiyo kazi iliyobaki haikuwa ya DNS tena. Duka linapokea oda, na oda inayoingia kwenye seva ya zamani inaandikwa kwenye hifadhidata ya zamani, ambako hakuna atakayeiona. Njia ninayoiamini ni kuigeuza seva ya zamani iwe ya kupitishia tu. Anayefika pale kwa nakala ya zamani anapelekwa kwenye seva mpya bila kujua, kwa mpangilio huu wa Nginx, programu inayohudumia tovuti kwenye seva:

```
location / {
    proxy_pass https://198.51.100.25;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_ssl_server_name on;
    proxy_ssl_name $host;
}
```

Angalia kwamba nimeandika namba ya seva mpya, si jina. Ukiandika `https://duka.example` hapo, seva ya zamani itaulizia jina hilo kwenye DNS, na ikiwa risolva yake yenyewe ina nakala ya zamani, itajipelekea maombi yenyewe kwa yenyewe mpaka izidiwe. Pia Nginx hulitafuta jina la namna hiyo inapowashwa na kubaki na jibu hilo mpaka ipakiwe upya, kwa hiyo TTL haitakuokoa.

Kwa seva ya pamoja ya bei nafuu huenda usiruhusiwe kuweka mpangilio kama huu. Basi funga ukurasa wa kuagiza kwenye tovuti ya zamani na uache maelezo ya kupiga simu, ili angalau oda isipotee kimya kimya. Sisi tuliweza kuuweka, na oda mbili zilizokuwa zimeingia upande wa zamani mchana huo mama alizinakili kwa mkono.

Zile saa 48 zina asili yake. Kama ungehama pamoja na seva za majina, yaani ubadilishe NS kwa msajili wa domeni, basi anayetoa maelekezo ni seva za ngazi ya juu, na TTL yake huichagui wewe. Kwa `.com` maelekezo hayo hutolewa na TTL ya 172800, ambazo ndizo saa 48 kamili. Risolva yenye maelekezo ya zamani itaendelea kwenda kwa seva za majina za zamani, na hizo zitaendelea kutoa anwani ya zamani. Katika hali hiyo usizifunge. Ingia kwenye paneli ya zamani, badilisha A na AAAA huko pia, na uache zijibu sawa na mpya. Pande zote mbili zikisema jambo moja, haijalishi tena ni ipi imeulizwa. Wanaokimbilia kufunga akaunti ya zamani siku ile ile ili wasilipe mwezi mwingine ndio wanaoacha sehemu ya wateja bila tovuti kabisa.

Kujua lini uizime seva ya zamani, usihesabu siku. Soma logi yake. Jioni hiyo tulikuwa tukiangalia hivi:

```
tail -f /var/log/nginx/access.log
```

Mpaka saa moja usiku maombi ya wateja halisi yalikuwa yamekwisha, nakala za mwisho za AAAA zikiwa zimekufa. Yaliyobaki yalikuwa ya roboti zinazopiga hodi kwenye anwani ya IP bila kuuliza DNS, na hizo haziishi. Ukitaka kuzitenga, ongeza `$host` kwenye muundo wa logi: roboti nyingi zinakuja na namba ya IP mahali pa jina la domeni. Anayekuja na jina sahihi ndiye bado ana nakala, na ndiye wa kusubiriwa.

Kesho yake fundi alirudisha TTL ya A kwenye 14400, baada ya sisi kuangalia kwamba A ya jina tupu na ya `www` zote zinaelekea sehemu moja, na kwamba AAAA haipo kwenye seva yoyote kati ya seva za majina za domeni hiyo.